Sabuni iliyolala

Mama fua wa tatu ndiye aliyelivunja tangazo langu. Alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa nyuma ya ghala la mteja wangu huko Changamwe, mashati ya sare yamerundikwa mbele yake. Akakichukua kipande cha sabuni yetu, akakigeuza, akakigonga kwa ukucha. Kikalia kama kigae. "Hii imelala," akasema. "Ile nyingine ni mbichi. Sasa mnazishindanishaje?"

Nilimsikia lakini sikumsikiliza. Nilikuwa na daftari mkononi, na hesabu zilikuwa zinakwenda vizuri mno.

Mteja huyo anatengeneza sabuni ya mche. Mche wake ni wa kilo moja, rangi ya buluu, na wakati ule dukani uliuzwa shilingi 180. Mshindani wake mkuu ana mche mweupe wa gramu 800 uliokuwa ukiuzwa shilingi 160, na jina lake limeshika pwani nzima kiasi kwamba mtoto akitumwa sabuni, sabuni yoyote ile, hulitaja jina hilo. Meneja wa mauzo alikuwa na wazo moja, na alikuwa ameshalipia nafasi ya bango njia ya Kongowea kabla hata hajaniita. Miche miwili kando kwa kando, wa mshindani na jina lake likisomeka waziwazi, na chini yake: "Yetu yadumu mara mbili."

Nikamuuliza mara mbili amezipata wapi. Akasema kila mtu anajua. Basi ndiyo sababu tukaita mama fua watano na kununua mashati.

Utaratibu wenyewe tuliupanga hivi. Kila mche tuliukata vipande vya gramu 200 kwa mizani ya duka. Kila mama alipewa kipande kimoja cha kila sabuni, akafua mashati yaliyovaliwa siku nzima na vijana wa ghalani, shati moja baada ya jingine, mpaka kipande kikaisha mkononi. Tukahesabu mashati. Jioni, wastani wa sabuni yetu ulikuwa mashati 34, na wa ile nyeupe mashati 19. Ukigawanya, hiyo si mara mbili, ni chini ya moja na nukta nane. Meneja alipoona karatasi akasema, "Ndiyo hiyo, mara mbili," na nikakumbuka kwamba nimewahi kuona watu wakikadiria kwenda juu na wengine wakikadiria kwenda chini, lakini idara ya mauzo sijawahi kuiona ikikadiria kwenda chini.

Usiku nikawa sipati usingizi kwa ajili ya ule mlio wa kigae.

Asubuhi nikarudi ghalani nikauliza vile vipande vyetu vilitoka kwenye mche upi. Kijana wa stoo akanionyesha rafu ya sampuli, karibu na chumba cha mashine za kupikia sabuni, mahali pa joto kavu mwaka mzima. Miche ya pale ilikuwa imekaa tangu kabla ya Ramadhani. Ilikuwa imepasuka nyufa nyembamba pembeni kama udongo wa kiangazi. Ile nyeupe tulikuwa tumeinunua siku ileile asubuhi, na kidole kilizama kidogo ulipoibonyeza.

Anayefua kwa mkono anajua maana yake, na mimi nilipaswa kujua. Sabuni ya mche inapotoka kiwandani ina maji mengi ndani yake. Ikikaa, maji hutoka, uzito hupungua na mche huwa mgumu. Kwa hiyo gramu 200 za sabuni iliyolala zina sabuni nyingi zaidi kuliko gramu 200 za sabuni mbichi, kwa sababu sehemu ya uzito wa ile mbichi ni maji. Na zaidi ya hapo, kipande kigumu huyeyuka polepole kikisuguliwa, ilhali kile laini huacha nusu yake kwenye kiganja na kwenye ndoo. Tulikuwa tumempa mshindani adhabu mara mbili, na yote mawili hayakuwa na uhusiano wowote na nani anajua kutengeneza sabuni.

Tukarudia. Safari hii tulinunua miche ya pande zote mbili kwenye maduka yaleyale matatu, siku moja. Tukaikata, tukaipanga kwenye rafu moja yenye hewa, tukaiacha wiki mbili, halafu ndipo tukapima tena gramu 200. Tukaondoa mihuri ya kiwanda juu ya vipande, ingawa rangi hatukuweza kuificha, na hilo ni kasoro: kila mama alijua buluu ni ya nani, na alijua nani anamlipa siku hiyo. Tukabadilisha pia maji. Mara ya kwanza tulikuwa tumetumia maji ya kisima cha ghalani, ambayo ni ya chumvi kama visima vingi vya kisiwani na kandokando yake. Maji ya namna hiyo hula sabuni kabla haijagusa uchafu, hugeuka ukoko mweupe unaoelea. Tukafua nusu kwa maji ya kisima na nusu kwa maji ya mfereji.

Matokeo: yetu mashati 26, yao 24.

Ningeweza kuishia hapo na kuandika "Yetu yadumu zaidi." Ni kweli, si ndiyo? Ishirini na sita ni zaidi ya ishirini na nne. Lakini daftari lilikuwa na jambo jingine. Mama mmoja kwa kipande cha sabuni ileile alifua mashati matano zaidi ya mwenzake, kwa sababu mkono wake ni mwepesi, au kwa sababu mashati yake hayakuwa ya mpakiaji mizigo. Tofauti ya mkono na mkono ilikuwa kubwa kuliko tofauti ya sabuni na sabuni. Maana yake jaribio letu halikuona tofauti yoyote. Angelirudia mtu mwingine kesho, na mama wengine watano, pengine ile nyeupe ingeshinda kwa mashati mawili, na huyo mtu mwingine angekuwa mshindani wetu akiwa na wakili.

Kuna swali lililonijia baadaye zaidi, nalo naona ndilo zito. Kudumu ni sifa njema ya sabuni? Jiwe hudumu kuliko sabuni zote. Sabuni isiyoyeyuka vizuri itakaa mwezi mzima kwenye kisahani na kola za mashati zitabaki vilevile. Tulichokuwa tumekipima kina maana tu kwa sababu tuliwaambia mama wafue mpaka wao waridhike na shati, na hilo kwenye bango lisingeonekana kamwe.

Huku nahangaika na daftari, upande wa pili ulikuwa ni jina. Nilikwenda kwa wakili tunayemtumia, mama mmoja mpole mwenye mazoea ya kusoma rasimu zangu akiwa amekunja uso tangu mstari wa kwanza. Nilidhani tatizo atakaloliona ni "mara mbili". Akaliruka, akaweka kalamu juu ya jina la mshindani.

"Hili umelitoa wapi, bwana?"

Nikamwambia ni jina la sabuni, kila mtu analijua, na hatusemi ni letu. Akaniambia niketi, akanisimulia hadithi ya vidonge ambayo tangu siku ile sijaiacha.

Uingereza, mwanzoni mwa miaka ya 1930, palikuwa na dawa iliyosajiliwa kwa jina la Yeast-Vite. Mfanyabiashara mmoja aitwaye Horsenail akauza vidonge vyake vya hamira, na kwenye chupa akaandika kwamba ni mbadala wa Yeast-Vite. Wenye jina wakashtaki. Kesi ikafika Baraza la Malodi, lililokuwa mahakama ya juu kabisa ya Uingereza wakati ule, na mwaka 1934 wakashindwa. Hoja ilikuwa nyepesi: alama ya biashara ipo ili kumwambia mnunuzi bidhaa imetoka kwa nani. Horsenail hakulitumia jina lile kusema vidonge vyake vimetoka kwa wenye Yeast-Vite. Alilitumia kusema havikutoka kwao. Kwa hiyo hakuivunja alama.

Wenye majina makubwa hawakufurahi, na Bunge likawasikia. Sheria mpya ya alama za biashara ya 1938 ikapanua haki yao: sasa hata kulitaja jina ndani ya tangazo, kwa namna inayoelekeza kwa mwenye jina au kwa bidhaa zake, kunaweza kuwa ni kuivunja alama. Miaka miwili tu baadaye, 1940, ikaja kesi ya kuipima. Kampuni ya maduka ya dawa iitwayo Amblins ilikuwa imechapisha kijitabu chenye safu mbili. Safu ya kushoto ilikuwa na dawa mashuhuri kwa majina yake, vilivyomo ndani yake, na bei. Safu ya kulia ilikuwa na dawa za Amblins zenye vitu hivyohivyo, na bei yake ya chini. Mojawapo ya majina ya kushoto lilikuwa Bisurated, dawa ya tumbo. Hebu fikiri: jedwali la bei, ndilo tangazo la haki kuliko yote ninayoweza kulibuni. Mahakama ya Rufaa ikasema ni kuvunja alama. Kosa halikuwa uongo. Kosa lilikuwa kuegemea jina la mwingine ili kuuza cha kwako.

Mmoja wa majaji wale, MacKinnon, alilalamika ndani ya hukumu kwamba amekisoma kile kifungu cha sheria ya 1938 kilichopanua haki hiyo mara makumi kama si mamia, na bado hajui kinataka kusema nini. Akahesabu sentensi moja ndani yake akakuta ina maneno 253. Nilicheka. Wakili wangu hakucheka.

"Unajua kile kifungu kiko wapi sasa?" akauliza.

Waingereza wenyewe walikitupa mwaka 1994, walipoandika sheria mpya inayoruhusu kulitaja jina la mshindani mradi iwe kwa desturi za uaminifu za biashara. Lakini Sheria ya Alama za Biashara ya Kenya, Sura ya 506, iliandikwa zama za ukoloni kwa kuifuata ile ya 1938, na kifungu chake cha 7 bado kimebeba maneno ya ukoo uleule: tangazo lililotolewa kwa umma, na kumwelekea mwenye alama au bidhaa zake. Yule mzimu wa Bisurated alihama kwake akaja kukaa kwetu. Hii haimaanishi kila anayemtaja mshindani Kenya atashindwa mahakamani. Inamaanisha kwamba "lakini nilichosema ni kweli" si ngao unayoweza kuiegemea peke yake, na kwamba mteja anayetaka kulichapa jina la mwenzake kwenye bango aelezwe hivyo kabla ya kulipia bango. Na asidhani akivuka Lungalunga mambo ni yaleyale, kwa sababu Tanzania ina sheria yake ya alama za biashara ya 1986, na sheria ya ushindani wa haki ya 2003 inayokataza mwenendo wa kibiashara unaopotosha. Mteja wangu alikuwa na wanunuzi Tanga.

Meneja aliposikia haya akapata ufumbuzi papo hapo, na ni ufumbuzi wa kila meneja. "Basi tuandike sabuni ya kawaida."

Hapa nikawa na la kusema mwenyewe, maana hilo nimeshaungulia. Miaka kadhaa nyuma, kwa mteja mwingine kabisa, niliandika tangazo la televisheni lenye chupa isiyo na jina, "ile ya kawaida". Mpiga picha, kwa bidii yake, akaichagua chupa ya umbo na rangi ya kifuniko cha mshindani, na mimi nikaipitisha nikijiona mjanja. Barua ya wakili ilitufikia kabla wiki haijaisha. Walikuwa na haki. Sokoni mlikuwa na chupa mbili tu zilizokuwa zikishindana, na hata mtoto wangu alipoliona tangazo alilitaja jina. Tena kwa kumficha nilikuwa nimejiongezea dhambi: ningelimtaja, ningelazimika kuthibitisha nilichosema juu yake. Kwa kumwita "kawaida" nilijipa ruhusa ya kumpaka matope bila kupima chochote. Mche mweupe karibu na mche wa buluu, pwani hii, ni jina lililoandikwa kwa herufi kubwa.

Akajaribu njia ya tatu. "Tuseme yetu ni kama ile, ila bei nafuu." Hiyo ndiyo mbaya kuliko zote mbili. Kampuni ya L'Oréal iliwahi kuwashtaki watu wa kampuni ya Bellure waliouza manukato ya bei ya chini yenye harufu inayofanana na ya manukato mashuhuri, na kuwapa wauza maduka orodha za kuonyesha hii ni sawa na ipi. Hakuna mnunuzi aliyedhani ananunua yale ya asili. Mahakama ya Ulaya mwaka 2009 ikasema hata hivyo ni kosa, kwa sababu ukiitangaza bidhaa yako kuwa ni mwigo wa bidhaa yenye alama, unapanda juu ya sifa ambayo mwingine ameilipia. Nawafahamu wauza mafuta ya manukato Mji wa Kale ambao kwa kipimo hicho wangefunga duka. Wengine huona hukumu ile ni kali mno, na mimi nina wasiwasi nayo pia, kwa kuwa maskini anayetaka kujua mafuta ya mia mbili yananukia kama yapi ana haki ya kuambiwa. Lakini kwa mteja wangu jibu lilikuwa rahisi zaidi: sabuni yake si kama ile. Ni nzito kwa gramu 200. Kwa nini ajitambulishe kwa jina la mwenzake?

Wakili alinipa kesi moja ya kusoma wikendi ile, ya wauza miwani wa Austria, nami naona kila mwandishi wa matangazo angeijua. Hartlauer alikuwa na maduka mengi nchi nzima, na ndani yake vitengo vya miwani ya bei ya chini. Pippig alikuwa mtaalamu wa miwani huko Linz. Mwaka 1997 Hartlauer akasambaza kijitabu akidai amelinganisha bei mara 52 katika miaka sita, na kwamba wastani wake kila jozi ilikuwa nafuu kwa shilingi 3,900 za Austria. Akaongeza matangazo ya redio na televisheni: miwani moja kwa Pippig 5,785, kwetu 2,000. Ili kuipata bei ya Pippig alimtuma mtu kama mnunuzi. Kwenye televisheni akaonyesha mbele ya duka la Pippig, jina na nembo vikionekana.

Ukisoma hivyo utadhani Hartlauer alikosea kila mahali. Mahakama ya Ulaya, mwaka 2003, haikuona hivyo. Kumtuma mtu anunue kwa siri si kosa lenyewe. Kuonyesha duka na nembo ya mwenzako si kosa lenyewe. Kutangaza kwamba tofauti ya bei ni kubwa, hata ikimuumiza, si kumdharau, kwa sababu bei ni bei. Mahali alipobanwa ni padogo na ni pa siri. Fremu zilikuwa za aina moja, lakini lenzi za Pippig zilikuwa za Zeiss, na za Hartlauer zilikuwa za Optimed, jina ambalo wachache walilijua. Matangazo ya redio na televisheni hayakulisema hilo. Mahakama ikaeleza kwamba pale ambapo jina la chapa linaweza kubadilisha uamuzi wa mnunuzi, na majina hayo mawili hayalingani kwa umaarufu, kulinyamazia lile mashuhuri kunaweza kuwa kumpotosha.

Soma tena, uone kilichogeuka. Kule Ulaya, kwa kesi kama hii, heshima kwa alama ya mwenzako inaweza kukudai uitaje. Kwetu, kwa kifungu cha ukoo wa kile cha maneno 253, inaweza kukudai usiitaje. Siwezi kuamua ipi ni bora kwa wakili, ila kwa mnunuzi najua ipi ni bora. Na bado kilichomponza Hartlauer ndicho kilekile kilichoniponza mimi nyuma ya ghala: lenzi si lenzi, na gramu 200 si gramu 200. Vitu viwili vimewekwa kwenye mizani vikiwa na jina moja, na tofauti iliyoamua matokeo imeachwa nje ya picha.

Jumatatu nikampelekea meneja karatasi moja. Nilikuwa nimelitupa dai la kudumu lote. Lililobaki ni hesabu ya darasa la nne. Mche wetu, gramu 1,000 kwa shilingi 180, ni shilingi 18 kwa kila gramu 100. Mche wao, gramu 800 kwa shilingi 160, ni shilingi 20 kwa kila gramu 100. Hii ni tofauti ya kweli, na mtu yeyote mwenye simu ya kubofya anaweza kuihakiki. Mama anayetazama miche miwili dukani haoni hivyo, anaona 160 na 180 na kuchukua ya 160.

Hata hapa kulikuwa na shimo. Uzito ulioandikwa kwenye karatasi ya sabuni ni wa siku ya kufungwa. Nikaipima miche kumi ya kila upande kutoka madukani, na yote ilikuwa imepungua, yetu na yao, kwa kiasi kinachokaribiana. Ingekuwa yetu inapungua zaidi, ile tofauti ya shilingi mbili ingekuwa inavukia hewani na tangazo lingekuwa la uongo bila neno lolote la uongo ndani yake. Na ningepima pia kiwango cha mafuta, maana ndicho sabuni yenyewe na kilichobaki ni maji, chumvi na vijazio. Mteja alikuwa na cheti cha maabara cha sabuni yake. Cha mshindani hatukuwa nacho, na kupima mche mmoja wa mtu kisha kutangaza juu ya kiwanda chake kizima sikukubali. Kwa hiyo hatukusema neno juu ya ubora. Tulisema bei kwa uzito, basi.

Na jina? Tangazo lililochapishwa halikuwa na jina la mshindani, wala mche mweupe, wala "ya kawaida". Lilikuwa na mche wetu peke yake, na maandishi: "Gramu 1,000. Shilingi 180. Gawanya bei kwa gramu za mche wowote unaotumia." Chini, kwa herufi zinazosomeka ukiwa umesimama na si za kutafuta kwa darubini, tuliweka tarehe ya bei hiyo na majina ya mitaa tuliyoikagua. Hilo nililiiba Ulaya pia: katika kesi ya maduka ya Lidl na Colruyt ya 2006, mahakama ilisema anayelinganisha lazima amwambie mnunuzi ni wapi na vipi anaweza kuhakiki. Meneja aliliita bango la mwalimu wa hesabu. Hakulipenda, lakini nafasi ilikuwa imeshalipiwa.

Wiki ya pili nilipita duka moja la Kongowea nikakuta mwenye duka amechukua chaki na ubao, akaandika yeye mwenyewe yale ambayo wakili alinikataza. Majina yote mawili, kamili, na mbele ya kila moja bei ya gramu 100: yetu 18, yao 20. Anauza zote, hana kesi na mtu, anataka tu wateja waache kumuuliza. Msambazaji wetu akapiga picha akaisambaza ofisini, watu wakafurahi.

Mwezi uliofuata mshindani akashusha bei ya mche wake mpaka shilingi 135. Mwenye duka akafuta 20, akaandika "17 kasoro". Msambazaji akanipigia simu akiwa amechemka, anataka nimwambie yule mzee aushushe ubao.

Nikachukua kikokotoo, nikagawanya. Ilikuwa 16.88. Nikamwambia hesabu ya mzee iko sawa, na kwamba bango letu lina tarehe ya mwezi uliopita, alete ngazi.